Namba 0x202 inasema nini? Pale seva ya gemu inapogoma kujisasisha Kabambare

Mega zimenunuliwa, kompyuta imewashwa kwa umeme wa sola, na vijana kumi wameshakubaliana kukutana jioni kucheza Counter-Strike 1.6. Kilichobaki ni kuandaa seva, yaani kompyuta moja itakayoshika mchezo mzima na kuwaunganisha wengine. Amri inaandikwa, maandishi yanatiririka kwenye skrini, kisha yanakatika ghafla kwa mstari huu:

```
Error! App '90' state is 0x202 after update job.
```

Katika eneo kama Kabambare, kusini mwa Maniema, kosa hili si jambo la kupuuza. Mtandao hununuliwa kwa kipimo, na mega zinazoliwa na jaribio lililoshindikana hazirudishwi na mtu. Mwendeshaji wengi wao hufanya kile ambacho kila mtu angefanya: hufuta kila kitu na kuanza upya. Mara nyingi hilo ndilo kosa kubwa kuliko lile la kwanza, kwa sababu tatizo halikuwa kwenye mafaili yaliyopakuliwa.

Chombo kinachotoa ujumbe huo kinaitwa SteamCMD. Kimetengenezwa na kampuni ya Marekani ya Valve, wenye duka la michezo la Steam, na kazi yake ni kupakua na kusasisha mafaili ya seva bila madirisha wala picha, kwa amri za maandishi tu. Kila seva ina namba yake. Seva ya Half-Life, ambayo ndiyo inayobeba Counter-Strike 1.6, ni namba 90. Seva ya Counter-Strike 2 hupatikana kwa namba 730.

Namba 90 inafaa kwa mazingira ya Kabambare kwa sababu rahisi: mafaili yake ni mamia ya megabaiti, na kompyuta kuukuu inayabeba bila kuhema. Counter-Strike 2 inataka makumi ya gigabaiti. Kwa mtu anayehesabu mega, hiyo ni mizani miwili isiyofanana.

Kusoma namba kabla ya kufuta

Namba inayofuata baada ya neno "state" haikuwekwa hapo kwa bahati. Imeandikwa kwa hesabu ya kumi na sita, ndiyo maana inaanza na 0x, na ni jumla ya hali kadhaa zilizowekwa pamoja. Kila hali ina uzito wake. Uzito wa 2 unamaanisha kwamba mafaili yanahitaji kusasishwa. Uzito wa 4 unamaanisha kwamba mchezo umeshawekwa. Uzito wa 512, ambao kwa hesabu hiyo huandikwa 0x200, ni usasishaji uliosimamishwa. Uzito wa 1024, yaani 0x400, ni usasishaji ulioanza.

Kwa hiyo 0x202 ni 512 na 2: kuna kazi ya kufanya, lakini imesimamishwa. Na kinachosimamisha, karibu kila mara, ni diski kukosa nafasi. SteamCMD hupima nafasi kabla ya kuandika, na ikiona haitoshi hukataa kuendelea.

0x402 ni 1024 na 2: kazi imeanza, haikufika mwisho. Hapo wa kutazamwa ni mtandao. Ama umekatika, ama mega zimekwisha katikati ya safari, ama kompyuta haikuzifikia mashine za Valve zinazotoa mafaili. Na 0x606, ambayo inajumlisha zote nne, huonekana mara nyingi pale ambapo chombo kinashindwa kuandika kwenye diski, kwa mfano folda inapomilikiwa na mtumiaji mwingine au diski yenyewe inapoanza kufa.

Mtu akishajua hivyo, haoni tena sababu ya kufuta. Mwenye 0x402 asubiri mtandao urudi na arudie amri ileile. Vipande vilivyokwisha kupakuliwa hubaki ndani ya folda ya `steamapps/downloading`, na chombo huendelea pale kilipoishia. Anayefuta folda hiyo anazitupa mega zake kwa mkono wake mwenyewe.

Diski imejaa, lakini diski ipi?

Tuchukue mfano wa mashine ya aina inayopatikana sana: kompyuta ya mitumba yenye diski ndogo ya gigabaiti 16 iliyobeba mfumo wa Linux, na pembeni diski ya zamani ya gigabaiti 250 ya kuwekea kazi. Mwendeshaji anajua ana nafasi tele. Anaona 0x202, anashangaa. Anaandika amri ya `df -h` na kupata picha hii:

```
Filesystem      Size  Used Avail Use% Mounted on
/dev/sda1        15G   14G  120M 100% /
/dev/sdb1       229G   31G  187G  15% /mnt/diski2
```

Diski kubwa ina gigabaiti 187 zisizo na kazi. Lakini SteamCMD haikuandika huko. Usipoiambia mahali pa kuweka mafaili, huyaweka nyumbani kwa mtumiaji, ndani ya folda ya `Steam/steamapps/common`, na nyumbani kwa mtumiaji kwenye mashine hii ni ile diski ndogo ambayo imebakiwa na megabaiti 120.

Wengi watasema waliiambia. Na kweli, waliandika amri ya `force_install_dir`, ila waliiweka baada ya `login`. Mpangilio huo hauruhusiwi. Mahali pa kuweka mafaili panatajwa kwanza, kuingia kunafuata. Chombo chenyewe huonya kwa mstari mmoja mfupi, "Please use force_install_dir before logon!", lakini mstari huo hupita haraka kati ya mingine na macho hayauoni. Amri iliyopangwa sawasawa ni hii:

```
./steamcmd.sh +force_install_dir /mnt/diski2/hlds \
  +login anonymous \
  +app_set_config 90 mod cstrike \
  +app_update 90 validate +quit
```

Kuna jambo jingine kwenye jedwali lile ambalo huwachanganya watu. Diski ina gigabaiti 15, zilizotumika ni 14, mbona zilizobaki ni megabaiti 120 na si gigabaiti nzima? Aina ya ext4, inayotumika kwenye mifumo mingi ya Linux, kwa kawaida hutenga asilimia 5 ya diski kwa ajili ya msimamizi mkuu wa mashine, ili mfumo usife diski inapojaa. Mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuigusa sehemu hiyo, na SteamCMD inapaswa kuendeshwa na mtumiaji wa kawaida.

Asiye na diski ya pili hana budi kusafisha. Pa kuanzia ni kumbukumbu za mfumo na mafaili ya programu zilizokwisha kuwekwa, na kwenye Debian au Ubuntu amri mbili hutosha kurudisha mamia ya megabaiti:

```
sudo apt clean
sudo journalctl --vacuum-size=100M
```

Kisha kuna takataka za seva yenyewe. Rekodi za mechi zenye mkia wa `.dem` hujikusanya ndani ya folda ya `cstrike` mwezi hadi mwezi, na hakuna anayezifuta kwa sababu hakuna anayekumbuka kwamba zipo. Nafasi inayohitajika pia ni kubwa kuliko ukubwa wa mafaili ya mwisho: wakati wa kusasisha, faili jipya hupakuliwa pembeni kabla ya kuchukua nafasi ya lile la zamani, kwa hiyo kwa muda mfupi yote mawili yapo kwenye diski.

Wapo wanaojaribu kuweka seva kwenye flashi. Inawezekana, lakini flashi nyingi huja zikiwa na mpangilio wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalofika gigabaiti 4 na hautunzi ruhusa za mafaili kwa namna Linux inavyozitaka. Kwa Counter-Strike 1.6 kikwazo cha ukubwa hakitaonekana. Cha ruhusa kinaweza kuonekana siku seva inapokataa kuwaka ingawa mafaili yote yapo.

Kuingia bila jina, na pale jina linapotakiwa

Kosa la aina ya pili huja mapema zaidi, kabla hata ya kupakua. Kwa seva namba 90, mwendeshaji hahitaji akaunti. Anaingia kwa neno `anonymous`, yaani bila jina, na Valve inampa mafaili bure.

Si seva zote ziko hivyo. Seva ya Arma 3, kwa mfano, inadai akaunti ya Steam. Anayeijaribu kwa `anonymous` hujibiwa kwa maneno "No subscription", na watu wengi huyasoma kama dai la malipo. Maana yake ni kwamba jina lililotumika kuingia halina haki ya kupewa mafaili hayo. Kurudia amri mara ishirini hakubadilishi kitu.

Anayetumia akaunti hukutana na mlinzi anayeitwa Steam Guard. Mara ya kwanza kuingia kutoka kwenye mashine mpya, msimbo hutumwa kwa barua pepe au huonekana kwenye programu ya simu, na lazima uandikwe pale pale. Hapa ndipo mtandao wa kusuasua unapoleta balaa, kwa sababu msimbo wa simu hubadilika kila baada ya nusu dakika. Mtu anaandika msimbo, mtandao unachelewa, msimbo umekufa. Anajaribu tena. Baada ya majaribio kadhaa yaliyoshindikana anaona "Rate Limit Exceeded", na sasa hata neno la siri sahihi halikubaliwi. Dawa ni kuacha. Aondoke kwenye mashine, saa kadhaa ikibidi, kwa sababu kuendelea kugonga mlango kunaweza kurefusha kifungo.

Hii pia ndiyo sababu ya kuwa mwangalifu na hati zinazorudia amri zenyewe hadi zifanikiwe. Kwa `anonymous` hazina madhara makubwa. Kwa akaunti yenye neno la siri lililokosewa, hati ya namna hiyo humfungia mwenyewe nje kabla hajamaliza chai. Na kwa kuwa neno la siri linaloandikwa ndani ya hati husomwa na yeyote anayekaa kwenye mashine hiyo, ni busara seva iwe na akaunti yake, tofauti na ile ambayo mtu amenunulia michezo.

Kuna kisa cha kuingia ambacho hakihusiani na jina wala neno la siri. Kompyuta za zamani zina betri ndogo ya duara inayotunza saa wakati umeme umekatika. Betri hiyo ikifa, kila mashine inapozimwa usiku huamka ikidhani ni mwaka mwingine kabisa. Mawasiliano ya siri ya mtandao hukagua tarehe, na tarehe ikiwa imepotoka miaka kadhaa, SteamCMD inaweza kushindwa kuunganika huku ikilalamika kwamba mtandao haupo, ingawa simu iliyo pembeni inafungua kurasa bila shida. Amri ya `date` inatosha kuonyesha ukweli. Mahali ambapo mashine huzimwa kila jua linapozama, hiki ni kitu cha kukitazama kabla ya kulaumu kampuni ya simu.

Kosa ambalo si kosa

Tumrudie mwendeshaji wetu mwenye diski mbili. Amepanga amri vizuri, mafaili yanashuka kwenye diski kubwa, na baada ya muda anapata kosa jipya:

```
Error! App '90' state is 0x10E after update job.
```

Safari hii hajakosea chochote. Seva namba 90 ina kasoro inayojulikana kwa miaka mingi, na Valve yenyewe imeiandika kwenye maelezo yake kwa watengenezaji: ukichagua mchezo kama `cstrike`, amri moja haileti mafaili yote. Inabidi `app_update` irudiwe mara kadhaa. Ndani ya 0x10E kuna uzito wa 256, ambao ni usasishaji ambao bado unaendelea. Mwendeshaji anarudia amri ileile bila kubadilisha herufi, mara ya pili, ya tatu, pengine ya nne, na kila mara kinachoshuka ni kile tu kilichokuwa kimebaki. Mwisho skrini inasema:

```
Success! App '90' fully installed.
```

Hata hapo ni vizuri kutazama. Folda ya `cstrike` iwepo ndani ya `/mnt/diski2/hlds`, na ndani yake folda ya `maps` iwe na faili la `de_dust2.bsp`. Imewahi kutokea kwa wengi kupata neno "Success" huku kilichoshuka ni Half-Life tupu, bila Counter-Strike. Ikiwa hivyo, amri irudiwe tena.

Uhakiki unaofuta kazi ya mtu

Neno `validate` lililo mwishoni mwa ile amri huagiza chombo kipitie kila faili, kulilinganisha na orodha ya Valve, na kubadilisha lolote lisilofanana. Ni neno jema baada ya umeme kukatika katikati ya kuandika, kwa sababu linatafuta mafaili yaliyoharibika na kupakua hayo tu. Kazi kubwa ya kulinganisha hufanyika kwenye diski, si kwenye mtandao.

Lakini chombo hakijui tofauti kati ya faili lililoharibika na faili ambalo mwenye seva amelihariri kwa makusudi. Yote mawili hayafanani na orodha, yote mawili hurudishwa kama yalivyotoka kiwandani.

Anayeumia zaidi ni mwenye seva iliyowekewa Metamod na AMX Mod X, nyongeza ambazo huwapa wasimamizi uwezo wa kufukuza wasumbufu na kupiga kura za ramani. Nyongeza hizo huingia kwa kubadilisha mstari mmoja ndani ya faili la `cstrike/liblist.gam`:

```
gamedll_linux "addons/metamod/dlls/metamod.so"
```

Uhakiki ukipita, mstari huo unarudi kuwa `dlls/cs.so`. Seva inawaka kama kawaida, wachezaji wanaingia, hakuna kosa lolote kwenye skrini. Ila wasimamizi hawana tena madaraka yao. Namna ya kujua ni kuandika `meta list` kwenye skrini ya seva: ikijibu kwamba haiifahamu amri hiyo, Metamod haipo. `server.cfg` na `mapcycle.txt` nayo yanaweza kurudishwa kwenye hali ya mwanzo. Ramani ambazo mtu ameongeza mwenyewe hazifutwi, kwa kuwa hazimo kwenye orodha.

Kinga yake haichukui dakika. Kabla ya kuhakiki, mafaili hayo matatu yanakiliwa pembeni, na baada ya kuhakiki yanarudishwa. Kwa usasishaji wa kawaida, usiotokana na hitilafu, neno `validate` liachwe kabisa.

Wenye nyongeza hizi wana jambo jingine la kuzingatia. Novemba 2023, Half-Life ilipotimiza miaka 25, Valve ilitoa toleo jipya lililobadilisha mambo mengi ndani ya mchezo, na nyongeza za zamani hazikuelewana nalo vizuri. Toleo la kabla ya hapo liliachwa kwenye tawi lake, na huombwa kwa kuandika `app_update 90 -beta steam_legacy validate` mahali pa amri ya kawaida. Wachezaji wenye nakala za zamani nao kwa kawaida hupatana na tawi hilo.

Kupakua mara moja, kubeba kwa diski

Seva namba 90 ni folda tu. Haina usajili ndani ya mfumo wala haifungamani na mashine iliyoipakua. Kwa hiyo kazi yote hii inaweza kufanyika Kindu, Bukavu au Kalemie, popote palipo na mtandao wa kuaminika zaidi, kisha folda nzima ikafungwa kuwa faili moja na kusafirishwa kwenye diski ya mkononi:

```
tar -czf hlds.tar.gz -C /mnt/diski2 hlds
```

Kufunga kwa `tar` kunatunza ruhusa za mafaili hata kama diski ya safari ni FAT32, na hilo linaondoa kile kikwazo cha flashi. Folda ya `steamapps` iliyo ndani isiachwe, hasa faili la `appmanifest_90.acf`, maana ndilo linaloiambia SteamCMD ni toleo gani lililopo. Likikosekana, usasishaji ujao utaanza kwa kudhani hakuna kitu.

Inapofika Kabambare, folda hufunguliwa na seva huwashwa kwa ajili ya mtandao wa ndani, bila mega hata moja:

```
./hlds_run -game cstrike +sv_lan 1 +maxplayers 12 +map de_dust2
```

Ikiwa hapa mashine inajibu kwamba hakuna faili kama hilo ilhali linaonekana kwa macho, mafaili yako salama. Seva hii ni ya biti 32, na Linux ya biti 64 inahitaji kuwekewa maktaba ndogo inayoitwa `lib32gcc-s1`. SteamCMD yenyewe hugoma kwa sababu hiyohiyo. Maktaba hiyo ni ndogo sana, lakini lazima ipakuliwe, kwa hiyo aendaye Kindu na abebe nayo pia.

Wachezaji walio kwenye ruta moja huiona seva kwenye orodha ya mtandao wa ndani. Asiyeiona huandika anwani ya mashine ikifuatwa na namba ya mlango, 27015.